Kaunta buku, fomu ya nakala mbili au Snipe-IT: njia ipi ya kuazimisha vifaa vya ofisi inakufaa?

Ofisi zinazoazimisha vifaa kwa wafanyakazi wake kwa kawaida hutumia mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni kaunta buku linalokaa mezani kwa mtunza stoo, anayechukua kifaa anajaza mstari na kusaini. Ya pili ni fomu ya karatasi yenye nakala mbili, ikienda sambamba na rejista ya mali iliyo kwenye Excel. Ya tatu ni programu ya kusimamia mali, na hapa tutaichukua Snipe-IT kwa kuwa inapatikana bure na inaweza kuwekwa kwenye seva ya ofisi yenyewe.

Ili ulinganisho uwe na mashiko, tuchukue ofisi ya ukubwa wa kati: shirika lenye wafanyakazi 35 mjini Dodoma, lenye laptopu 12 za kuazimisha, projekta 3 na masanduku 4 ya zana, na timu zinazotoka kwenda Kondoa na Mpwapwa kila mwezi. Kwa ofisi kama hiyo tunapendekeza njia ya pili. Kaunta buku linatosha kwa ofisi ndogo kuliko hiyo, na Snipe-IT inaanza kulipa pale vifaa vinapotolewa na mtu zaidi ya mmoja au kutoka kwenye stoo zaidi ya moja.

Fomu na rejista hazifanyi kazi moja

Kabla ya kuchagua njia, ni lazima kutenganisha karatasi mbili ambazo ofisi nyingi huzichanganya. Rejista ya mali inafuata kifaa tangu siku kinaponunuliwa hadi siku kinapouzwa, kinapogawiwa au kinapoteketezwa. Kila kifaa kina mstari mmoja tu, na mstari huo haufutwi hata kifaa kikifa. Fomu ya kuazima inafuata safari moja: nani kachukua, lini, kikiwa katika hali gani, arudishe lini, na kimerudi kikiwaje. Laptopu moja inaweza kuwa na mstari mmoja kwenye rejista na fomu 40 kwenye faili. Kinachoziunganisha ni namba ya mali, ambayo lazima iandikwe kwa namna ileile pande zote mbili. Ukiandika `OFS/LAP/007` kwenye rejista halafu `LAP 7` kwenye fomu, mtu anaelewa, lakini Excel haielewi, na hesabu zote zinazofuata zitakosewa.

Mkanganyiko mwingine ni kati ya kuazima na kukabidhiwa. Mfanyakazi anayepewa laptopu ya kufanyia kazi mwaka mzima hajaazima, amekabidhiwa, na mahali pa kuandika hilo ni safu ya mtunzaji kwenye rejista pamoja na hati ya makabidhiano. Ofisi ikitumia fomu ya kuazima kwa makabidhiano, nafasi ya tarehe ya kurudisha inaachwa wazi au inaandikwa "akimaliza kazi", na muda si mrefu hakuna anayeiheshimu tarehe hiyo hata kwa projekta ya siku mbili. Kanuni nyepesi inayofanya kazi ni hii: kinachotoka kwa siku zisizozidi 30 kinatumia fomu na rejista haiguswi, na kinachozidi hapo kinahamishiwa jina la mtunzaji mpya.

Njia tatu kwa jicho moja

| | Kaunta buku | Fomu ya nakala mbili na Excel | Snipe-IT |
|---|---|---|---|
| Kifaa kiko kwa nani sasa? | Unafunua kurasa | Unaona kwenye mstari wa kifaa | Unaona papo hapo |
| Kilitoka kikiwaje? | Hakuna nafasi | Kimeandikwa na pande zote zimesaini | Kimeandikwa kama kuna anayejaza |
| Mwazimaji anabaki na nini? | Hana kitu | Nakala yenye saini | Barua pepe |
| Kutoa kifaa kimoja | Dakika 1 | Dakika 10 hadi 15 | Dakika 5, pamoja na ukaguzi uleule |
| Umeme au intaneti ikikatika | Kazi inaendelea | Fomu inaendelea, Excel inasubiri | Unarudi kwenye karatasi |
| Kinachoiua | Nafasi ya kurudisha haijazwi | Fomu haihamishiwi kwenye Excel | Hakuna wa kutunza seva |

Udhaifu wa kaunta buku si kwamba ni la karatasi. Ni kwamba mstari mmoja hauna nafasi ya hali ya kifaa. Utakuta pameandikwa "projekta 1, chaja", na ikirudi bila rimoti hakuna wa kuthibitisha kama ilitoka nayo. Dalili kwamba kaunta buku limeishiwa nguvu ni rahisi kuiona: fungua ukurasa wa miezi miwili iliyopita uhesabu mistari isiyo na saini ya kurudisha, kisha nenda stoo uangalie ni vingapi kati ya vifaa hivyo vipo rafuni. Vikiwa vingi vipo, maana yake watu wanarudisha bila kuandikiwa, na siku kimoja kikipotea mwenye makosa na asiye na makosa wataonekana sawa kwenye daftari.

Snipe-IT inaondoa kosa moja ambalo karatasi haiwezi kulizuia: kifaa ambacho tayari kimeandikwa kuwa nje hakiwezi kutolewa tena kwa mtu wa pili mpaka kiandikwe kuwa kimerudi. Inakuonyesha pia historia ya kila kifaa na ya kila mtu, na inaweza kumdai mwazimaji athibitishe kwamba amekubali masharti. Gharama yake iko kwenye utunzaji. Inahitaji seva yenye PHP na MySQL au MariaDB, mtu wa kuisasisha na kutunza nakala rudufu, na kazi ya `schedule:run` iliyopangwa kwenye seva. Kazi hiyo isipopangwa, barua za kukumbusha tarehe za kurudisha haziendi, huku mtunza stoo akiamini kwamba watu wanakumbushwa. Isitoshe, fundi wa umeme au dereva asiye na barua pepe ya ofisi hapati kitu mkononi. Kwa vifaa 19 vinavyotolewa na mtunza stoo mmoja, hayo ni mengi kuliko faida.

Fomu iliyojazwa na mstari wake wa rejista

Hebu tuifuate safari moja ya laptopu. Mfanyakazi wa idara ya miradi anakwenda Kondoa kukusanya takwimu kwa siku tano. Fomu yake, ikiwa imejazwa inavyopaswa, inasomeka hivi:

```
FOMU YA KUAZIMA KIFAA              Na. AZ-0143
Mwazimaji: (jina, cheo, idara, simu)
Kazi na mahali: Takwimu za mradi, Kondoa
Kutoka: 09/06/2025   Kurudisha: 13/06/2025 saa 9 alasiri

Na. ya mali: OFS/LAP/007   S/N: imelinganishwa [x]
Vinavyoambatana: chaja 65W (OFS/LAP/007-C), begi, kipanya

HALI WAKATI WA KUTOKA
Kioo: hakina ufa. Mkwaruzo sm 3 kwenye kifuniko, kona ya kulia.
Bawaba: imara. Kibodi: vitufe vyote vinafanya kazi.
Betri: 33,800 kati ya 41,000 mWh (82%)
Saini: mwazimaji ____ mtunza stoo ____ mkuu wa idara ____

HALI WAKATI WA KURUDI      Tarehe ______ Saa ______
(vipengele vilevile, kwa mpangilio uleule)
Saini: mwazimaji ____ mtunza stoo ____
```

Sehemu ya chini isiachwe kuwa mstari mmoja wa "imerudishwa salama". Ikiwa na vipengele vilevile vya juu, anayepokea analazimika kuangalia kimoja baada ya kingine, na tofauti inaonekana bila mjadala. Neno "nzuri" peke yake lisikubaliwe upande wowote. Andika kinachoonekana, mahali kilipo na ukubwa wake, kama huo mkwaruzo wa sentimita 3.

Nakala ya juu inabaki kwenye faili la mtunza stoo, ya chini anapewa mwazimaji. Vitabu vya fomu vichapishwe kwa karatasi zinazojinakili, seti 50 kwa kitabu, zikiwa na namba zilizochapwa kiwandani zinazofuatana. Namba hizo ndizo ulinzi wa kwanza: AZ-0144 isipoonekana kwenye faili, lazima ipatikane ikiwa imefutwa kwa mstari na kusainiwa, si kuchanwa. Kama ofisi ina geti na mlinzi anayekagua mabegi, ongeza nakala ya tatu iishie getini. Fomu isigeuzwe kuwa ombi tu, kwa sababu mlinzi akizoea kuona saini ya mkuu wa idara pekee ataruhusu kifaa ambacho stoo haijakitoa.

Mstari wa laptopu hiyohiyo kwenye rejista unabeba mambo mengine kabisa: namba ya mali, aina na modeli, namba ya kiwandani, tarehe ya kununuliwa, namba ya hati ya malipo, bei, mradi au mfadhili aliyelipia, mtunzaji, mahali pake pa kudumu, hali kwenye ukaguzi wa mwisho na tarehe yake, na hatimaye namna kilivyoondolewa. Safu ya mfadhili hurukwa mara kwa mara, nayo ndiyo itakayoulizwa mradi ukifungwa, kwa kuwa mikataba mingi ya ufadhili inataka ruhusa kabla ya kifaa kugawiwa au kuuzwa.

Namba ya kiwandani isinakiliwe kutoka kwenye kibandiko cha chini pekee, maana kibandiko hufutika kwa joto na msuguano. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua PowerShell uandike:

```
Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber
```

Linganisha herufi moja moja. Makosa ya kawaida ni sifuri kuandikwa O na 1 kuandikwa I, na kosa hilo hujulikana siku ya kuripoti wizi polisi, ikiwa ni kuchelewa mno.

Hali ya "nje" na "stoo" isijazwe kwa mkono

Hapa ndipo njia ya pili huharibika. Ofisi inaweka safu ya "kiko wapi" kwenye rejista, mtunza stoo anaibadilisha kwa mkono wiki mbili za mwanzo, halafu anaacha. Suluhisho ni kuwa na kurasa mbili kwenye faili moja la Excel. Ukurasa wa `Mali` ni rejista yenyewe, namba ya mali ikiwa safu A. Ukurasa wa `Uazimaji` una mstari mmoja kwa kila fomu: A namba ya fomu, B namba ya mali, C mwazimaji, D tarehe ya kutoka, E tarehe ya kurudisha iliyokubaliwa, F tarehe iliyorudi kweli. Hali ya kifaa inahesabiwa na Excel yenyewe, kwenye safu iliyo wazi ya `Mali`:

```
=IF(COUNTIFS(Uazimaji!B:B,A2,Uazimaji!F:F,"")>0,"Nje","Stoo")
```

Fomula hiyo inatafuta fomu ya kifaa hicho ambayo haina tarehe ya kurudi. Ikiipata, kifaa kiko nje. Iwapo sehemu ya COUNTIFS ikisomwa peke yake inatoa 2, basi kifaa kimetolewa mara ya pili bila ya kwanza kufungwa, na hilo lichunguzwe siku hiyohiyo. Kwa waliochelewa, pitia kwenye kanuni za kupaka rangi, yaani `Conditional Formatting`, za ukurasa wa `Uazimaji` uweke:

```
=AND(B2<>"",E2<TODAY(),F2="")
```

Mistari yenye rangi ndiyo orodha ya kupigia simu asubuhi. Fomula hii inapaka rangi pia mstari ambao tarehe ya kurudisha iliachwa wazi, na ni vizuri iwe hivyo, kwa kuwa fomu isiyo na tarehe haikupaswa kutoka. Fomu moja ikiwa na vifaa viwili, inachukua mistari miwili, kila kifaa na wake, namba ya fomu ikirudiwa.

Laptopu, projekta na zana haziharibiki kwa namna moja

Fomu moja inaweza kutumika kwa vyote, ila orodha ya ukaguzi ibadilike kwa aina ya kifaa. Ukilinganisha, laptopu ina hatari kubwa isiyoonekana kwa macho, projekta inahitaji kuwashwa ili ijulikane hali yake, na zana zinahitaji kuhesabiwa.

Kwa laptopu, mgogoro unaojirudia kuliko wote ni wa chaja. Mbili zikikaa meza moja semina nzima, kila mtu anaondoka na iliyo karibu. Mashine inayohitaji wati 65 ikipewa chaja ya 45 itachaji polepole sana au kuonyesha onyo, na wa kulaumiwa atakuwa betri. Bandika namba ya mali kwenye chaja pia, kama ilivyofanyika kwenye fomu ya hapo juu. Hali ya betri ipimwe, isikisiwe: amri ya `powercfg /batteryreport` inatengeneza ukurasa unaoonyesha `DESIGN CAPACITY`, yaani ujazo wa kiwandani, na `FULL CHARGE CAPACITY`, yaani ujazo wa sasa. Kushuka kwa asilimia moja au mbili kati ya safari na safari ni kawaida na hakumhusu mwazimaji.

Hatari isiyoonekana ni akaunti binafsi. Mwazimaji akiingia kwenye laptopu ya Windows 11 kwa akaunti yake binafsi ya Microsoft, usimbaji wa diski unaweza kuwashwa, na ufunguo wa kuokoa wa tarakimu 48 ukahifadhiwa kwenye akaunti yake, si ya ofisi. Laptopu inarudi ikionekana nzima. Miezi kadhaa baadaye sasisho au badiliko la vifaa vya ndani linaifanya idai ufunguo, na aliye nao ameshaacha kazi. Kwa hiyo sharti la kurudisha liseme wazi kuwa mwazimaji ataondoa akaunti zake mbele ya anayepokea, na mtu wa kompyuta aangalie ufunguo kwa `manage-bde -protectors -get C:` akiwa na haki za msimamizi, autunze mahali pa siri. Usiandikwe kwenye fomu. Kwa kompyuta za Apple, zima `Find My` kabla ya kupokea, la sivyo mashine ikifutwa itabaki imefungwa kwa jina la mwenye akaunti.

Kwa projekta ya taa, kipimo cha haki ni saa za taa, ambazo husomwa kwenye menyu ya taarifa za mashine. Ikitoka na saa 1,212 na kurudi na 1,231 baada ya semina ya siku mbili, saa 19 zinaingia akilini. Ikirudi na 1,270, ilitumika mahali pengine. Ukaguzi wa kurudi ni kuiwasha dakika kumi kwa picha nyeupe tupu: madoa, rangi ya manjano upande mmoja au feni inayopiga kelele vitaonekana hapo. Kisha izimwe kwa kitufe na kuachwa feni isimame yenyewe kabla ya kuchomoa waya. Taa iliyonyimwa muda wa kupoa hufa mapema, na kuchomoa kwa haraka mwishoni mwa semina ndilo kosa la kawaida la waazimaji, hivyo sharti hilo liandikwe kwenye begi lenyewe. Projekta za leza na za LED hazina taa ya kubadilisha, basi kwa hizo zingatia lenzi, rimoti na nyaya.

Zana zinataka utaratibu tofauti kabisa na hizo mbili. Kwanza tenganisha kinachoazimwa na kinachotumika kikaisha. Grenda inaazimwa, diski zake zinatolewa kwa hati ya stoo na haziandikwi kwamba zitarudi. Mkizichanganya, fomu haitafungwa kamwe kwa sababu diski mbili hazijaonekana. Pili, sanduku lifunguliwe na kuhesabiwa kipande kwa kipande, likiwa na orodha iliyogundishwa ndani ya kifuniko. Picha moja ya vipande vimepangwa mezani, ikiwa na karatasi ya namba ya fomu pembeni, inaokoa mabishano mengi. Grenda isipokelewe bila kikinga cha diski, na isitolewe tena kwa mtu mwingine mpaka kikinga kipatikane, kwa usalama wake. Kwa kipima umeme, skrini kuwaka si ushahidi wa uzima: mtu akipima volti huku waya wake umo kwenye tundu la ampea, fyuzi ya ndani huungua na mengine yote yanaonekana sawa. Anayekuja kugundua ni mwazimaji anayefuata, na bila ukaguzi wa kurudi yeye ndiye atakayebebeshwa mzigo.

Masharti ya kurudisha: yanayosimama na yasiyosimama

Masharti manne yanatosha kwenye fomu. Kifaa kimerudi pale tu mtunza stoo anapokikagua na kusaini, si kinapoachwa mezani au kwa mlinzi. Kifaa hakipokezwi mwenzako kazini Kondoa, na kama lazima kibaki huko, mwenzako ajaze fomu yake na ya kwanza ifungwe kwa simu na picha siku hiyo. Kuongeza muda kunaombwa kabla ya tarehe kupita, na tarehe mpya inaandikwa kwenye nakala zote mbili. Hitilafu au upotevu unaripotiwa ndani ya saa 24, na kwa wizi kiletwe kielelezo cha polisi: namba ya RB kwa Tanzania, namba ya OB kwa Kenya.

Sharti la tano ambalo ofisi hupenda kuliongeza ni "nikipoteza nitakatwa mshahara bei ya kifaa kipya". Hapo lazima kulinganisha na sheria. Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri awe na ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi kuhusu deni, na kwa hasara ya kifaa kinaongeza masharti: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kutosha ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu kukata kiasi cha kuridhisha kwa uharibifu au upotevu uliotokana na makosa ya makusudi, na jumla ya makato ya mshahara isizidi theluthi mbili.

Tuone inavyokuwa kwa laptopu yetu. Ilinunuliwa kwa shilingi 1,800,000, ofisi inaihesabu kwa miaka minne kwa kiwango sawa kila mwaka, na imetumika miaka miwili na nusu. Thamani iliyobaki vitabuni ni 675,000. Hiyo ndiyo pa kuanzia, ikilinganishwa na bei ya sokoni ya iliyotumika ya aina hiyo, wala si bei ya mpya. Mfanyakazi mwenye mshahara wa 900,000 hawezi kukatwa zaidi ya 225,000 kwa mwezi, kwa hiyo deni lote, kama kosa ni lake na hakulipinga, litachukua miezi mitatu. Hayo hayaingii kwenye saini ya siku ya kuazima. Yanahitaji karatasi ya pili, taarifa ya hasara, yenye nafasi ya sababu, hesabu na majibu ya mfanyakazi. Ndiyo maana bei na tarehe ya kununua lazima ziwe kwenye rejista, na hali ya kutoka iwe kwenye fomu: ukikosa cha kwanza huna hesabu, ukikosa cha pili huna kosa la kumthibitishia mtu. Kaunta buku halina vyote viwili. Snipe-IT inavitunza vizuri, alimradi kuna aliyevijaza.

Uamuzi kwa ukubwa wa ofisi

Mkiwa na vifaa visivyozidi vitano na kila mtu anakaa jengo moja, bakini na kaunta buku, ila chora safu mbili zaidi: hali ya kutoka na hali ya kurudi, na tumia kurasa mbili zinazoangaliana kama mstari mmoja ili nafasi itoshe. Kati ya vifaa sita na kama mia moja hivi, chini ya mtunza stoo mmoja, fomu ya nakala mbili na Excel ndiyo njia. Zaidi ya hapo, au mkiwa na stoo Dodoma na nyingine Mwanza zinazopeana vifaa, wekeni Snipe-IT, lakini karatasi ya ukaguzi yenye saini ibaki, ipigwe picha na kuambatishwa kwenye kumbukumbu ya kifaa. Taasisi za serikali zina miongozo na mifumo yake ya mali, na rejista ya idara haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kuhama kutoka kaunta buku kwenda kwenye fomu kufanyike ndani ya wiki moja, kwa mpangilio huu. Siku ya kwanza, tangazeni kwamba kila kilichoazimwa kirudishwe stoo kufikia Ijumaa, hata kama kitatolewa tena Jumatatu. Katikati ya wiki, jazeni ukurasa wa `Mali` kwa kushika kila kifaa mkononi, si kwa kunakili daftari la zamani, na kubandika namba chini ya kifaa mbali na matundu ya hewa na mbali na betri au kifuniko kinachochomoka. Ijumaa jioni, linganisheni kilichorudi na mistari iliyo wazi kwenye kaunta buku. Visivyoonekana viingizwe kwenye rejista vikiwa na maelezo "havikuonekana kwenye hesabu ya mwanzo" na jina la aliyeandikwa mara ya mwisho, bila kumtoza mtu, kwa kuwa daftari la zamani halina ushahidi wa kutosha. Kaunta buku lifungwe kwa mstari, tarehe na saini mbili, liwekwe kwenye faili, na Jumatatu AZ-0001 itoke.